Tangazo la Pikipiki: Neno Linalolipiwa na Neno Linalosema

Magazeti yanayotoza matangazo madogo kwa hesabu ya maneno humlazimisha muuzaji kupima kila neno. Hata hivyo, akiba hiyo mara nyingi hufanywa mahali pasipofaa. Tuchukue mfano tulioutunga kwa mtindo uliozoeleka:

“Inauzwa pikipiki nzuri sana aina ya Honda CG 125, imetumika kidogo, injini safi, kadi ipo, bei ya maelewano.”

Hayo ni maneno 18. “Inauzwa” halihitajiki chini ya kichwa cha “Vinauzwa”. “Aina ya” hayaongezi kitu mbele ya jina la Honda. “Nzuri sana” ni sifa isiyopimika, na “imetumika kidogo” humwachia msomaji akisie kama ni miezi au ni kilometa.

Kasoro kubwa zaidi imo katika “injini safi”. Je, imeoshwa, au haina ubovu? Mafundi wana usemi ulio wazi: “injini haijafunguliwa”. Neno “haijafunguliwa” limebeba ukanusho, wakati na hali ya kutendwa, nalo hulipiwa kama neno moja. Hapa sarufi yetu humfaa mwenye fedha chache. Lakini usemi huo hauthibitishi uzima, kwani injini iliyochakaa yaweza kuwa haijafunguliwa pia. Ndiyo sababu muuzaji mwaminifu huongeza “hula oili”. Katika injini ya mipigo minne kama hii, hiyo ni kasoro, na dalili yake ni moshi wa buluu. Katika injini ya mipigo miwili, ambamo oili huungua pamoja na petroli, maneno hayo peke yake yasingeonyesha ubovu.

Kuhusu cheni pia, kitenzi ndicho kinachoamua. “Cheni imelegea” ni kazi ya spana. “Cheni imekwisha” ni gharama ya cheni mpya, na pengine meno yake pia. Idadi ya maneno ni ile ile, lakini ukweli si ule ule.

Vivyo hivyo “kadi ipo” husema tu kwamba kadi haikupotea. Yaweza kuwa bado ina jina la mwenye pikipiki wa kwanza, na mnunuzi atalazimika kumtafuta ili umiliki uhamishwe katika Mamlaka ya Mapato. “Kadi jina langu” huongeza neno moja tu, nalo linastahili kulipiwa.

Tunapendekeza hivi:

“Honda CG 125, km 41,000. Injini haijafunguliwa, hula oili. Cheni imekwisha. Kadi jina langu. 1,200,000/=.”

Hayo ni maneno 15. Yamepungua matatu, ilhali kilometa, kasoro mbili, umiliki na bei vimetajwa. Ufupi usipimwe kwa maneno yaliyoondolewa tu, bali pia kwa maswali ambayo mnunuzi hatalazimika kuyauliza.