Picha Moja, Nguo Nne: Maelezo ya Kitambaa Yanavyoshika Sare ya Familia

Msimu wa harusi ukifika, fundi cherehani huonyeshwa simu kabla hajashika futi. "Fundi, nataka hili gauni hivi hivi, na baba watoto avae, na watoto wavae." Ombi hilo lina kazi mbili. Ya kwanza ni kushona gauni linaloonekana pichani, na fundi mzoefu anaimudu. Ya pili ni kuligeuza gauni moja kuwa sare ya watu wanne, na hapo ndipo mambo huharibika. Kosa kwa kawaida haliko kwenye mkasi. Liko kwenye namna kitambaa kilivyoelezwa.

Sare ya familia hupita kwenye mikono mingi. Shangazi anatumwa Kariakoo kununua kitambaa, fundi wa magauni anashona ya mama na binti, fundi wa mashati anashona ya baba, na huenda mmoja wao yuko mji mwingine. Kila anayepokea ujumbe huupeleka mbele kwa maneno yake. Kilichoanza kama kitenge cha bluu iliyokoza chenye maduara makubwa ya njano kinafika dukani kikiwa "kitenge cha bluu cha maua". Muuzaji ana vitenge vya aina hiyo rafu nzima, na atatoa kilicho karibu naye.

Dawa yake ni aya moja fupi inayoeleza kitambaa, iliyoandikwa mara moja na kunakiliwa bila kubadilishwa neno kwa kila anayehusika. Ili kuona inavyofanya kazi, tuchukue mfano wa picha ya gauni la kitenge: mikono imefura begani, kiuno kimebana, sketi imeachia hadi chini ya goti. Rangi ni bluu iliyokoza, na juu yake kuna maduara ya njano yenye kitovu cheupe. Sare inatakiwa kwa mama, baba, binti wa miaka 7 na mvulana wa miaka 4.

Jambo la kwanza ni kuisoma picha kwa kutenganisha inachoonyesha na inachoficha. Mshono unaonekana. Ukubwa wa ua hauonekani moja kwa moja, ila unaweza kukokotolewa. Kutoka bega hadi bega, mwanamke wa saizi ya kati huwa na sentimita 38 hadi 40. Ikiwa maduara manne yanayogusana yanajaza nafasi hiyo, kila duara lina upana wa karibu sentimita 9 au 10. Hesabu ifanywe pale kitambaa kilipolala bapa, kwa mfano mgongoni au kifuani juu. Kwenye mikunjo ya sketi duara hujikunja na kuonekana dogo kuliko lilivyo.

Rangi ni ngumu zaidi. Picha iliyopigwa ukumbini chini ya taa za njano hupaka kila kitu unjano, na bluu iliyokoza inaweza kutokea kama nyeusi. Njia rahisi ya kupima ni kutafuta pichani kitu kinachojulikana kuwa cheupe, kama karatasi, sahani au shati la aliyesimama jirani. Kikionekana cha rangi ya maziwa, basi na vitovu vyeupe vya maduara vimepotoshwa hivyo hivyo, na huenda njano yenyewe ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Picha iliyopambwa kwa programu ya simu haina msaada kwa rangi. Itumike kwa mshono tu.

Aina ya nyuzi na uzito wa kitambaa havionekani kabisa, hivyo lazima viamuliwe na kuandikwa. Baada ya kuisoma picha hii, aya inakuwa hivi:

"Kitambaa A: kitenge cha waksi, pamba tupu, rangi imepenya pande zote mbili, upana inchi 45. Rangi ya chini ni bluu iliyokoza inayokaribia nyeusi. Juu yake kuna maduara ya njano ya haradali, upana sentimita 9 hadi 10, kitovu cheupe. Maduara yamejipanga kwa mistari iliyonyooka, hayana juu wala chini. Namba ya ukingoni: itajazwa baada ya kununua."

Mpangilio wake una sababu. Aina ya kitambaa inatangulia kwa sababu ndiyo inayomwelekeza muuzaji kwenye rafu. Rangi zinafuatana kwa eneo zinalochukua: ya chini kwanza, kisha ya ua, kisha ya kitovu. Anayesoma anajua mara moja kuwa anatafuta kitambaa cha bluu chenye njano, na hatarudi na cha njano chenye bluu. Kipimo cha duara kimeandikwa kwa sentimita kwa sababu "makubwa" ya mtu mmoja ni "ya wastani" ya mwingine. Maneno kama "mazuri", "ya kisasa" na "yanayong'aa" hayamo, kwani hayampi muuzaji kitu cha kupima. Hata "bluu bahari" imeachwa, maana wapo wanaoitumia kwa bluu nyepesi na wapo wanaomaanisha bluu nzito. "Inayokaribia nyeusi" haina ubishi huo.

Dukani aya inakaguliwa sentensi kwa sentensi. Kitenge cha waksi kinapogeuzwa, upande wa nyuma huwa na rangi karibu sawa na wa mbele. Kilichochapwa upande mmoja huwa na mgongo uliopauka. Muuzaji akikubali, uzi mmoja unachomolewa ukingoni na kuchomwa: pamba huwaka, hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Ukingo wenyewe mara nyingi una maandishi ya kiwanda na namba ya mtindo. Namba hiyo inapigwa picha na kujazwa kwenye aya. Kuanzia hapo kila fundi ana kitu cha kulinganisha.

Sasa kiasi. Kitenge huuzwa sana kwa vipande vya yadi 6, yaani karibu mita 5.5, na kwa nusu ya kipande. Gauni la mama lenye sketi iliyoachia litakula yadi 4, na shati la mikono mifupi la baba yadi 2 na nusu. Kabla ya kuwahesabia watoto, yapo maduara ya sentimita 10 ya kufikiria, na hapa ndipo sare nyingi hukosa uwiano.

Kifua cha shati la baba, likilazwa mezani, kina upana wa sentimita 55 hivi. Maduara matano yanaenea na jicho linauona mpangilio. Shati la mvulana wa miaka 4 lina sentimita 33 hivi. Maduara matatu tu yanaingia, na mstari wa vifungo unalikata la katikati. Ukilitazama kwa mbali, mpangilio unapotea na mtoto anaonekana amevaa kitambaa kingine. Kumtafutia kitenge chenye maduara madogo hakusaidii sana, kwa sababu mtindo mwingine hutoka na bluu nyingine.

Njia inayofanya kazi ni kuongeza kitambaa cha pili kwenye maelezo:

"Kitambaa B: pamba ya rangi moja, nyepesi ya kushonea shati, bluu ile ile ya chini ya Kitambaa A. Ilinganishwe na kipande cha A kikiwa mkononi, si kwa picha."

Shati la mvulana linashonwa kwa B, na A inawekwa kwenye kola na mfukoni, duara moja zima likikaa katikati ya mfuko. Gauni la binti linakuwa na kifua cha B na sketi ya A, kwani kwenye sketi maduara yana nafasi ya kutosha. Hesabu ya A sasa ni yadi 4 za mama, 2 na nusu za baba, 1 na nusu ya binti na nusu ya mvulana: jumla yadi 8 na nusu. Vipande viwili vya yadi 6 vinatosha na kubakisha yadi 3 na nusu za kulinganishia maua na kilemba cha mama. B inahitaji yadi 2. Kama ua lingekuwa na juu na chini, mfano ndege aliyesimama, fundi asingeweza kugeuza vipande vya kata ili vibanane, na ziada hiyo ingeliwa haraka. Ndiyo maana sentensi ya "hayana juu wala chini" imo kwenye aya.

Vipande viwili vya A vilazwe pamoja nje, kivulini, mchana, kabla ya kulipa. Namba ya ukingoni inaweza kuwa moja na bado rangi zikatofautiana kidogo, kwa sababu huenda havikutiwa rangi siku moja kiwandani. Tofauti isiyoonekana chini ya taa ya duka huonekana wazi baba na mama wanaposimama bega kwa bega.

Kosa la mwisho linalozuilika kwa maandishi ni la maji. Pamba isiyofuliwa inaweza kusinyaa asilimia 3 hadi 5. Fundi wa magauni akiloweka kitambaa kabla ya kukata na wa mashati asiloweke, baada ya kufua mara ya kwanza gauni litabaki lilivyo na shati la sentimita 75 litapungua kama sentimita 3. Rangi nayo itakuwa imepauka kwa viwango tofauti. Kwa hiyo kitambaa chote, A na B, kilowekwe mahali pamoja kabla ya kugawanywa kwa mafundi, na mwisho wa aya iongezwe: "Kimeshalowekwa na kupigwa pasi."

Maelezo haya yana mipaka. Hayawezi kuleta kitenge kisichokuwepo sokoni. Shangazi akikuta maduara ya sentimita 6 yenye kitovu cha kijani, aya inaandikwa upya kufuata kilichopatikana, inawekwa tarehe, na ya zamani inafutwa kwenye simu za wote. Aya mbili zikizunguka kwa wakati mmoja, kila fundi ataamini aliyonayo. Maelezo ya mshono nayo yaandikwe kando, kila nguo na karatasi yake, ili fundi wa mashati asijikute anasoma habari za mikono iliyofura.

Siku ya kujaribisha, nguo zote nne zitundikwe kwenye kamba moja kivulini. Kwanza inaangaliwa bluu ya B kando ya bluu ya A. Kisha inaangaliwa iwapo duara limekaa sawa katikati ya kifua cha mama na ya mfuko wa mvulana, na iwapo mistari ya maduara kwenye shati la baba inakutana pale vifungo vinapofungwa. Ukingo wenye namba ukatwe na ubandikwe kwenye karatasi ya maelezo pamoja na vipande vidogo vya A na B, kwa kuwa mvulana wa miaka 4 hatalivaa shati hilo muda mrefu, na atakayekwenda kununua kitambaa cha shati lijalo atahitaji kuwa navyo.