Mpimaji wa Mkondo wa Maelezo

Filamu inapotazamwa kwa intaneti, kicheza video hutuma taarifa ndogondogo kwa kampuni: imeanza, imesimamishwa, mkondo wa sauti umebadilishwa. Mmoja wa mikondo hiyo ni wa maelezo ya sauti. Ndani yake msimulizi hupenya kwenye nafasi baina ya mazungumzo, akamweleza asiyeona nani ameingia na nani amechomoa kisu. Televisheni ya antena haina taarifa za namna hii, kwa kuwa mawimbi huenda tu, hayarudi.

Mpimaji hodari wa matumizi ya mkondo huo hakimbilii kugawanya. Kwanza huondoa filamu zote zisizo na mkondo huo, maana hakuna awezaye kuchagua kisichokuwepo. Kisha hushika filamu moja. Tuseme imefunguliwa mara 10,000, na maelezo yamewashwa mara 200. Mwingine angeandika asilimia 2 akaenda nyumbani. Yeye hufuata kila taarifa kwa saa na dakika yake, akakuta mara 120 mkondo ulizimwa kabla dakika haijaisha: huenda mtu alikuwa akitafuta lugha nyingine, akabonyeza mstari wa jirani. Zinabaki mara 80, na katika hizo 68 zilifika mwisho wa filamu. Hizo ndizo za kutazama kweli.

Hata hapo hasemi "watu 80", wala "wasioona 80". Akaunti moja hutumiwa na nyumba nzima, na chaguo la mama huweza kubaki limewashwa mwanawe anapoketi. Tena anayewasha huenda anaona vizuri. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa huduma ya wasiosikia: mwaka 2006 Ofcom, msimamizi wa utangazaji Uingereza, ilieleza kuwa kati ya watu milioni 7.5 waliotumia maandishi ya chini ya picha, milioni 6 hawakuwa na tatizo la kusikia.

Hatua ninayoistahi zaidi hufanyika nje ya jedwali. Mpimaji huzima mwanga wa simu, akawasha kisoma skrini, akaitafuta menyu ya sauti kwa masikio peke yake. Kidole kinateleza, sauti inasema "kitufe", kisha "kitufe" tena, bila jina. Basi ile 80 imepima ubovu wa menyu kabla ya kupima haja ya watazamaji. Huomba vitufe vipewe majina, akasubiri wiki kadhaa, akalinganisha filamu zilezile kabla na baada ya marekebisho, bila kuchanganya na zilizoingia karibuni. Mara hizo za kuwashwa zikiongezeka, anajua kuna waliokuwa wakikwama mlangoni.

Wapo ambao hata hapo hawaonekani, kwa sababu walishaifuta programu. Hao huwatafuta kupitia vyama vya wasioona, akawauliza waliishia hatua gani, na majibu yao huyaandika katika ripoti ileile, juu ya jedwali.