"Huenda" si "Lazima": Kiasi cha Uhakika katika Tafsiri

Wahakiki wa tafsiri tumezoea kuuliza maswali mawili: je, maana imehamishwa? Je, Kiswahili kimetiririka? Katika makala haya nataka kuongeza swali la tatu, ambalo naona tunalipuuza: je, mfasiri amebakiza kiasi kilekile cha uhakika alichokuwa nacho mwandishi? Maana yaweza kufika salama, lugha ikawa tamu, na bado msomaji akadanganywa, kwa sababu mwandishi alisema "huenda" na mfasiri akasema "ndivyo".

Historia ya bara letu inatupa mfano mmoja mkubwa. Tarehe 2 Mei 1889 Meneliki wa Pili wa Uhabeshi alitia saini mkataba na Italia huko Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa Kiamhari na Kiitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema kwamba mfalme anaweza kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kilisema kwamba anakubali kuitumia. Tazama jinsi tofauti ilivyo ndogo. Hata Kiitaliano chenyewe hakikutamka neno "lazima". Lakini aliyekwisha kukubali jambo katika mkataba amejifunga, na hivyo ndivyo Italia ilivyokisoma kifungu hicho ilipoyatangazia mataifa ya Ulaya kwamba Uhabeshi iko chini ya ulinzi wake. Meneliki aliigundua tofauti hiyo mwaka 1890, na mwaka 1893 akaukana mkataba. Tarehe 1 Machi 1896 majeshi yalikutana Adowa, Italia ikashindwa, na mwaka huohuo mkataba wa Wuchale ukafutwa. Sisemi kwamba kitenzi ndicho kilicholeta vita. Waitaliano walikwisha kuingia Masawa tangu 1885 na tamaa yao ilijulikana. Nasema tu kwamba kitenzi kiliwapa karatasi ya kushika mkononi.

Sasa nishuke kutoka Adowa hadi darasani, maana kosa ninalotaka kulieleza nimelifanya mwenyewe. Nilipewa kutafsiri insha fupi ya uhakiki, ya Kiingereza, ili tuijadili kwenye semina. Mwandishi alikuwa akilinganisha malenga wawili wa zamani. Sehemu moja alitumia kile kitenzi kisaidizi tunachokitamka "mei", akasema kwamba huenda malenga wa pili alizisikia beti za mwenzake kabla ya kutunga zake. Mimi niliiona "mei" hiyo kama adabu tu ya wasomi wa Kizungu, nikaandika: "Malenga huyu alizisikia beti za mwenzake kabla ya kutunga zake." Semina ilianza, na kwa muda wa saa nzima tulimsulubu marehemu. Huyu kamwita mwizi, yule kasema sifa zake zote ni za kuazima. Mwishoni mhadhiri akaomba kuona nakala ya asili. Akaisoma kimya, akaniangalia, akasema, "Bwana, huyu mtu amehukumiwa na wewe, si na mwandishi." Niliona haya, jamani. Malenga hakuwapo kujitetea, na shahidi pekee dhidi yake alikuwa kalamu yangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kupima jambo hili bila kutegemea hisia tu. Jaribio ninalolitegemea zaidi ni hili: baada ya sentensi ya tafsiri naongeza kinyume chake, kisha nasikiliza kama zinakaa pamoja. "Huenda alizisikia, na huenda hakuzisikia." Zinakaa bila ugomvi. "Yaelekea alizisikia, ingawa huenda hakuzisikia." Hapa pia zinakaa, lakini mzani umelalia upande mmoja. "Alizisikia, na huenda hakuzisikia." Zinagombana. Jaribio hilohilo nalifanya kwa sentensi ya asili. Kama ya asili inavumilia kinyume na ya kwangu haivumilii, nimeongeza uhakika ambao mwandishi hakuutoa.

Baadaye nilijaribu kuirekebisha sentensi yangu kwa "angeweza kuzisikia". Nayo ikaharibika, kwa upande mwingine. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa "angeweza" huelekea kuelewa kwamba nafasi ilikuwapo lakini jambo halikutokea. Kumbe nilikuwa nimemtoa malenga hatiani kabisa, nalo hilo mwandishi hakulisema. "Huenda alizisikia" ndiyo iliyokuwa haki yake.

Kitenzi "kuweza" chenyewe kinahitaji tahadhari. Ukisema "anaweza kuja", msikilizaji anaweza kuelewa kwamba ana nguvu ya kuja, au amepewa ruhusa ya kuja, au kwamba jambo hilo lawezekana kutokea. Lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku tunasema "anaweza akaja", na hapo hakuna anayefikiria ruhusa wala nguvu. Ni uwezekano tu. Naona wafasiri wengi wanalikwepa umbo hili kwa kudhani ni la mitaani. Mimi nasema linafanya kazi ambayo "anaweza kuja" haiifanyi vizuri, basi lina haki ya kuingia kitabuni.

Mahali pa pili pa kukagua ni penye ukanushi. Kiingereza kina "masti", yaani lazima. Mfasiri akiikuta imekanushwa, mkono unamtuma kuandika "si lazima". Hapo ameteleza. Tuseme mhakiki ameandika katazo: msomaji asimchanganye msimulizi na mwandishi. Tafsiri ikisema "si lazima msomaji amchanganye msimulizi na mwandishi", katazo limegeuka hiari: ukipenda kuwachanganya, wachanganye! Kwa Kiswahili, "si lazima afanye" na "lazima asifanye" ni mambo mawili yaliyo mbali kabisa. Kwa hiyo kila penye ukanushi najiuliza: kinachokanushwa ni ulazima, au ni kitendo?

Baina ya "lazima" na "huenda" kuna kundi la katikati: "yafaa", "yapasa", "ingefaa". Hapa sidai kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja wa Kiswahili. "Shudi" ya mwalimu anayeshauri naweza kuifanya "yafaa". "Shudi" ya kanuni za mtihani itanilazimu "yapasa", au hata "sharti". Anayeamua ni msemaji na cheo chake, wala si kamusi. Hata ushahidi wa majaribio yangu una mpaka: wahusika wa riwaya na tamthilia husema "lazima" wakiwa na wasiwasi, na "labda" wakiwa na hakika lakini wakiogopa wakubwa. Huko mfasiri abakize neno la mhusika, amwachie msomaji kuunusa woga wake.

Najua wapo watakaosema kwamba tafsiri iliyojaa "huenda" na "yaelekea" inachosha, na kwamba Kiswahili hupenda kusema waziwazi. Sikubali. Lugha yenye huenda, labda, pengine, yamkini, yaelekea na asaa haiwezi kusingiziwa kwamba haijui kusitasita. Anayechoka ni mfasiri. Basi tutakapohakiki tafsiri nyingine katika kurasa hizi, naomba tuanzie hapo: tupigie mstari kila "huenda" ya mwandishi, halafu tuitafute ilikokwenda.