Mistari Inayotoka kwa Bibi

Karatasi ya A4 iliyolazwa kwa upana, penseli, kifutio, na glasi ya chai ya kuchorea duara la katikati. Afisa ustawi wa jamii anayejua kuchora ekomapu hahitaji zaidi ya hapo. Ndani ya duara anaweka watu wanaoishi nyumba moja: mraba kwa mwanamume, kiduara kwa mwanamke, umri ndani yake, na alama ya X kwa aliyefariki. Kando ya karatasi anatawanya maduara mengine: shule, kliniki, jirani, kikoba, ndugu wa mbali. Hadi hapo hata mtoto wa darasa la tano angeweza kuchora. Ufundi unaanza pale penseli inapotakiwa kuunganisha duara moja na jingine, kwa sababu aina ya mstari ndiyo taarifa yenyewe.

Mchoro huu ulibuniwa mwaka 1975 na Ann Hartman, mwalimu wa ustawi wa jamii wa Marekani, akiwafikiria wafanyakazi wa huduma za watoto, naye akauchapishia makala mwaka 1978. Aliweka mistari mitatu tu. Mstari mzito, usiokatika, ni uhusiano wenye nguvu. Mstari wa vidoti ni uhusiano hafifu. Mstari uliokatwakatwa na vistari vifupi vya kupita ni uhusiano wenye msongo. Pembeni mwa mstari huwekwa mshale kuonyesha msaada, fedha au nguvu vinaelekea wapi. Siku hizi wapo wanaochora msongo kwa mstari wa mawimbi, ndiyo maana mchoraji makini huandika ufunguo wa alama kwenye pembe ya karatasi, ili mwenzake atakayepokea faili asije akasoma ugomvi mahali penye upendo.

Nimeunda familia ya mfano, ya aina inayopatikana kila mtaa wa Temeke, ili tuione kazi ikifanyika. Bibi ana miaka 61 na ana genge la mboga mbele ya nyumba ya kupanga. Binti yake alifariki akaacha watoto wawili, mvulana wa miaka 13 na msichana wa miaka 9. Anaishi nao pia mjomba wao wa miaka 27, dereva wa bodaboda. Kesi imefika ofisini kwa sababu mvulana anakosa shule, na barua ya mwalimu inasema ni mtoro.

Afisa anaketi upande mmoja wa meza na bibi, karatasi mbele yao wote wawili. Hilo ni la lazima. Ramani iliyochorwa ofisini baada ya mahojiano huwa ni maoni ya afisa yaliyopambwa kwa maduara. Tena afisa mzuri haulizi kama uhusiano na fulani ni mzuri, maana mtu mwenye heshima zake atajibu kwamba ni mzuri.

“Shikamoo bibi. Mara ya mwisho ulipokwama hela ya kodi, ulimwendea nani?”

“Marahaba mwanangu. Nilikwenda kikoba.”

Mstari mzito unachorwa kutoka kwa bibi hadi kikoba, mshale ukielekea kwake. Afisa haondoi penseli. Anauliza marejesho yakoje, na ikiwa siku ya kurejesha imekaribia, usingizi unakuwaje. Bibi anacheka kidogo, halafu anasema usingizi hakuna. Hapa ndipo anayekariri alama hukwama, akitafuta achague mzito au wa msongo. Anayejua kazi anauacha mstari mzito ulivyo na kuongeza vistari vya kupita juu yake, kisha anachora mshale wa pili unaorudi kikoba. Uhusiano huohuo unamlisha bibi na kumkosesha usingizi, na karatasi inaweza kuyabeba yote mawili bila kuyapatanisha.

Angalia pia mistari inakoanzia. Mvivu huchora kila kitu kutoka ukingo wa duara kubwa, kana kwamba familia nzima ina uhusiano mmoja na shule. Kwenye ramani yetu mstari wa shule kutoka kwa msichana ni mzito. Mwalimu wake anampenda na humbakiza mchana amalizie hesabu. Kutoka kwa mvulana, mstari unaokwenda kwenye duara lilelile umejaa vikato. Baba wa watoto yuko mkoani. Mstari wake ni wa vidoti, nao hauendi kwa bibi wala kwa watoto. Unaishia kwa mjomba, kwa kuwa hela kidogo anayotuma mara mojamoja hupitia simu ya mjomba. Bibi alikuwa akisema baba hatoi kitu. Mjomba naye alikuwa akisema anatoa. Ukitazama mahali mstari unapotua, unaona kwamba kila mmoja alisema alichokiona.

Sasa afisa anauliza swali dogo ambalo naliona ndilo bora kuliko yote: kikoba hukutana lini? Alhamisi asubuhi. Na genge linabaki na nani? Bibi ananyamaza, anatazama kiduara cha kikoba, kisha mraba wa mjukuu wake. Afisa anafungua barua ya mwalimu: siku nyingi zilizokosekana ni Alhamisi. Mtoro ni mtoto anayeuza nyanya ili bibi yake asikose kikao cha marejesho. Hakuna aliyeficha jambo hilo. Lilikuwa limegawanyika katika midomo mitatu, na hakuna aliyelilaza mahali pamoja.

Hatua inayofuata imo karatasini humohumo. Jirani wa mlango wa pili ana mstari mzito wenye mishale miwili, kwa kuwa bibi humshikia mtoto mchanga akienda sokoni. Basi anaweza kuombwa akae gengeni Alhamisi. Mshale huo wa kutoka ndio wengi wanausahau. Ukikuta ramani ambayo mishale yote inaingia kwenye familia, ujue mchoraji hakuuliza familia inatoa nini. Vilevile ukikuta mistari yote ina unene mmoja, aliorodhesha ofisi tu na hakusikiliza. Fomu zenye maduara yaliyokwisha kuandikwa majina huchangia kosa hilo, kwani mtu hujaza yaliyopo na duara la jirani halipati nafasi.

Kuna jambo ambalo ramani hii haiwezi. Ikichorwa mbele ya watu wote wa nyumba, mstari wa mtu anayeogopwa utachorwa mzuri. Kama mjomba anapiga watoto, mvulana hatatia vikato huku mjomba amekaa kitandani akisikiliza. Kwa hiyo mtoto huchoriwa yake peke yake, mahali pengine, na karatasi hiyo haiwekwi mezani siku ya kikao cha familia. Tofauti kati ya karatasi ya bibi na ya mtoto yenyewe ni ushahidi wa kufuatiliwa, ingawa haitoshi peke yake kumhukumu mtu.

Jingine ni muda. Mkopo wa bibi ukiisha, vikato vya kikoba vinaweza kufutika ndani ya wiki moja. Mjomba akioa na kuhama, mstari wa baba nao unahama. Ndiyo maana tarehe huandikwa juu ya karatasi kabla ya duara la kwanza, na baada ya miezi michache huchorwa nyingine kwenye karatasi mpya, ile ya zamani ikibaki kwenye faili bila kuguswa. Ekomapu isiyo na tarehe haifai kupelekwa mbele ya kikao chochote kinachoamua mtoto akae na nani.