Kupita au Kufariki? Tahakiki ya Riwaya ya Nella Larsen

Riwaya iitwayo Passing, aliyoiandika Nella Larsen na kutolewa New York mwaka 1929, ni kitabu chembamba ambacho msomaji aweza kukimaliza kwa jioni mbili. Ugumu wake kwa sisi tunaofundisha Kiswahili waanzia kwenye jalada. Neno hilo la Kiingereza maana yake ni kupita, lakini Wamarekani Weusi walilitumia kwa jambo mahsusi: mtu mwenye damu ya Kiafrika, ambaye macho ya watu yamemdhania kuwa Mzungu, ananyamaza na kuishi kama Mzungu. Tena neno hilo hilo hutumiwa kwa staha kutajia kifo. "Kupita" yetu haibebi mzigo huo wote. Mimi ningependekeza "kufariki", kwa kuwa kufariki asili yake ni kuachana na kutengana, na marehemu twasema amefariki dunia kwa sababu ameachana nayo. Aliyepita upande wa pili huachana na jamaa zake wangali hai.

Msomaji wa huku kwetu huenda akauliza: kuna haja gani ya kuficha? Katika pwani ya Afrika ya Mashariki mtoto wa baba Mwarabu na mama Mwafrika alihesabiwa upande wa baba, na hakulazimika kumkana mama yake. Hamed bin Muhammed, ambaye twamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na damu ya Kiafrika, na Wazungu waliomwona waliandika kuwa rangi yake ni nyeusi. Hata hivyo alikuwa Mwarabu mbele ya watu, na hapakuwa na siri ya kufichuliwa. Sisemi kwamba mpango huo ulikuwa wa haki. Wajukuu wa watumwa wanajua ulivyowagharimu. Lakini Marekani kanuni ilikuwa kinyume. Tone moja la damu ya Kiafrika lilitosha kumtoa mtu katika Uzungu. Sheria ya Virginia ya mwaka 1924 ilimkubali kuwa Mzungu yule tu asiye na chembe ya damu nyingine, ila ikasamehe sehemu moja katika kumi na sita ya damu ya wenyeji wa asili wa Amerika. Kwa kanuni hiyo mtu aweza kuwa mweupe kwa macho na mweusi kwa sheria, na ndani ya ufa huo ndimo riwaya hii ilimotungwa.

Clare Kendry ni binti wa mtunza jengo mlevi aliyeuawa katika ugomvi wa kilabuni. Baada ya kifo hicho alilelewa na shangazi za baba yake, Wazungu wacha Mungu, ambao walimtumikisha nyumbani na kumkataza kabisa kutaja habari za watu weusi mbele ya majirani. Wengi wanaokisoma kitabu hiki hupita hapa haraka, nami naona ni kosa. Uongo wa Clare haukuanza kwake. Aliukuta umekwisha wekwa mezani na Wazungu waliotaka kuficha aibu ya ukoo wao. Alipoolewa na John Bellew, tajiri anayewachukia watu weusi, aliuendeleza tu.

Miaka inapita. Clare anakutana na mwenzake wa utotoni, Irene Redfield, katika hoteli ya Wazungu huko Chicago, siku ya joto kali. Irene ni mke wa daktari wa Harlem na mwanachama shupavu wa vyama vya watu wake. Amefikaje humo? Amefika kwa kunyamaza. Mhudumu hakumwuliza, naye hakujieleza. Akanywa chai yake. Larsen anatuonyesha hivyo, bila kutuhubiria, kwamba huyu atakayemhukumu Clare naye hupita kwa saa moja moja, panapomfaa.

Kiini cha riwaya, kwa maoni yangu, ni karamu ya chai nyumbani kwa Clare. Wamo wanawake watatu, wote wa damu ya Kiafrika na wote weupe kwa macho. Wanazungumzia uzazi, na Clare anaeleza alivyokaa miezi yote ya mimba akiogopa mtoto asije akazaliwa mweusi. Amemzaa binti mmoja na hataki kurudia. Kisha Bellew anaingia na kumwamkia mkewe kwa jina la utani lililokatwa kutoka katika tusi la watu weusi, akieleza kwa mzaha kwamba mkewe anazidi kuwa mweusi mwaka hadi mwaka. Irene anacheka mpaka machozi yanamtoka. Anaweza kumwambia mtu huyo neno moja tu, akauvunja ujinga wake pale pale. Hasemi, kwa sababu atamwangamiza Clare.

Hapo ndipo Larsen anapofikia jambo ambalo hadithi nyingi za namna hii hulikosa. Kwa kawaida hutuonyesha gharama anayolipa aliyepita: upweke, hofu, kukosa ndugu. Larsen anaonyesha kwamba siri hiyo hutunzwa na walioachwa. Clare anaishi kwa mkopo wa ukimya wa wenzake, nao wanalipa kwa kumeza matusi waliyotukaniwa mezani.

Na mwenye kulipa aweza kuchoka. Irene anapoanza kushuku kwamba mumewe anampenda Clare, anakutana na Bellew barabarani akiwa ameshikana mkono na rafiki yake Felise, ambaye weusi wake hauna shaka. Bellew anawatazama na kuelewa. Irene angeweza kumwonya Clare siku hiyo hiyo, lakini hamwambii yeyote. Siku chache baadaye Bellew anaingia kwa kishindo katika karamu ya watu weusi, Clare amesimama kando ya dirisha lililo wazi, Irene anamkimbilia na kumshika mkono, na Clare anaanguka. Wahakiki wamebishana sana kama alisukumwa. Mimi naona kosa la Irene lilikwisha tendeka pale barabarani aliponyamaza kwa mara ya kwanza kwa faida yake mwenyewe.

Irene anaikumbuka hata kesi ya Rhinelander, nayo si ya kubuni. Mwaka 1924 Leonard Rhinelander, kijana wa ukoo wa kitajiri, alimwoa Alice Jones, mtumishi wa nyumbani, kisha akadai ndoa ibatilishwe kwa kuwa mkewe alimficha asili yake. Ndoa ya rangi mbili haikukatazwa New York, kwa hiyo shauri lote lilisimama juu ya hila. Mwaka 1925 wakili wa Alice alimfanya afunue sehemu ya mwili wake mbele ya baraza la wazee wa mahakama, wote wanaume Wazungu, ili waone kwamba mumewe aliyemjua kabla ya ndoa hakuweza kudanganyika. Alice akashinda, ushindi ulinunuliwa kwa aibu hiyo.

Riwaya ina udhaifu. Bellew ni sanamu ya chuki zaidi kuliko mtu, na hatujui Clare alimpendea nini ila fedha.

Larsen aliandika akiijua hali hii kutoka upande wa walioachwa. Alizaliwa Chicago mwaka 1891, mama yake Mdenmaki, baba yake mtu wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Denmaki. Mama aliolewa tena na Mzungu, wakapata binti mweupe, na Nella akabaki mweusi peke yake katika nyumba hiyo, asiyeweza kupita popote. Alifariki New York mwaka 1964 akiwa muuguzi, hali vitabu vyake vimesahauliwa. Mali yake ikamwendea yule ndugu wa mama mmoja, ambaye inasimuliwa kuwa alisema hakujua kama ana dada.