Inersia au Gesi: Shotigani ya Kujipakia Kwenye Vumbi la Newala na Masasi

Kati ya Juni na Septemba, wakulima wa Newala na Masasi wanapopuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, unga wa manjano hutanda mashambani na kuingia kila mahali. Hukaa kwenye majani, kwenye nguo na kwenye pikipiki, na huingia pia ndani ya bunduki ya anayelinda shamba dhidi ya nguruwe pori. Salfa yenyewe ikiwa kavu haina makali makubwa kwa chuma. Ikipata umande wa alfajiri wa uwanda wa Makonde, ikachanganyika na mafuta ya bunduki na mchanga laini, hula chuma na kufanya utope unaokwamisha vyuma vinavyotakiwa kuteleza. Kwa hiyo anayechagua shotigani ya kujipakia huku hana budi kuuliza swali ambalo muuzaji wa mjini halifikirii sana: nguvu ya kuisukuma bolti inatoka wapi, na njia yake inapita kwenye uchafu gani?

Majibu ni mawili. Katika mfumo wa gesi, mtutu una vitundu vidogo upande wa chini. Marisau yakishapita hapo, sehemu ya gesi ya baruti hushuka kupitia vitundu, husukuma pistoni, na pistoni husukuma bolti nyuma. Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, ndiyo iliyoufanya mfumo huu uzoeleke duniani. Katika mfumo wa inersia hakuna kitundu wala pistoni. Bunduki yote inaporudi nyuma kwa mshindo, mwili wa bolti, ambao ni mzito na haukufungwa na mtutu moja kwa moja, hubaki pale ulipokuwa kwa sekunde ndogo sana. Katikati yake na kichwa cha bolti pana springi fupi ngumu. Bunduki ikija nyuma, springi hiyo hubanwa. Shinikizo la gesi likishashuka, springi hujifungua, huutupa mwili wa bolti nyuma, kichwa huzunguka na kufunguka, na ganda hutolewa. Msweden Carl Axel Theodor Sjögren aliijaribu njia hii mwanzoni mwa karne ya 20, lakini aliyeifanya iwe kitu cha kununulika ni Bruno Civolani wa Italia, ambaye wazo lake lilibebwa na kiwanda cha Benelli kilichoanzishwa mwaka 1967 huko Urbino.

Tofauti yote inaanzia hapo. Bunduki ya gesi huchukua nguvu kutoka kwenye mtutu. Bunduki ya inersia huchukua nguvu kutokana na bunduki yenyewe kusogea kuelekea begani. Ukiizuia isisogee, umeikatia chakula.

Tuanze na teke la bunduki, kwa sababu ndilo linalozungumzwa sana na ndilo lenye imani nyingi zisizo sahihi. Tuchukue risasi ya geji 12 yenye marisau gramu 28, yakitoka kwa mita 400 kwa sekunde. Ongeza uzito wa kikombe cha plastiki kinachobeba marisau, kama gramu mbili na nusu, na gesi ya gramu moja na kidogo ya baruti. Msukumo wote unakaribia 13 kwa vipimo vya kilo na mita kwa sekunde. Bunduki ya kilo 3.1 itarudi nyuma kwa kasi ya mita 4.2 kwa sekunde, na nishati yake itakuwa kama jouli 27. Ukiipiga risasi hiyohiyo kwenye bunduki ya kilo 3.5, nishati inashuka hadi kama jouli 24. Nusu kilo pungufu kidogo imepunguza sehemu moja ya tisa.

Hesabu hiyo haikuuliza kama bunduki ni ya gesi au ya inersia. Msukumo utakaofika begani ni uleule. Ambacho mfumo wa gesi hufanya ni kuusambaza kwenye muda mrefu zaidi kidogo, hivyo bega huhisi kusukumwa badala ya kupigwa. Nafuu hiyo ni ya kweli, na anayepiga risasi nyingi kwa siku moja ataitambua jioni. Lakini sehemu kubwa ya sifa ya ulaini wa bunduki za gesi inatokana na uzito wake, kwa kuwa nyingi ni nzito kuliko za inersia. Anayetaka teke dogo kwa uhakika abadilishe risasi. Ukishuka kutoka gramu 28 hadi gramu 24 zinazotoka kwa mita 370 kwa sekunde, kwenye bunduki ileile ya kilo 3.1 nishati inashuka hadi kama jouli 18. Hakuna pistoni inayoweza kukupa punguzo la theluthi nzima.

Na hapo ndipo mkasa wa risasi nyepesi unapoingia. Risasi ya gramu 24, ambayo ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya Olimpiki, ni nzuri kwa kwale na kanga wa karibu, na ni rafiki kwa bega. Kwa bunduki ya inersia ni risasi yenye mashaka. Kasi ya kurudi nyuma imeshuka kutoka mita 4.2 hadi kama mita 3.4 kwa sekunde, na nishati inayobanwa kwenye ile springi fupi hufuata kasi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Kumbuka kuwa nambari hizi ni za bunduki iliyo huru kabisa. Bega la mtu huipunguzia kasi zaidi, na aliyeikandamiza kitako kwenye ukuta au kwenye shina la mkorosho anaweza kuinyima kabisa mwendo unaohitajika. Ndiyo maana maelekezo ya watengenezaji wengi wa bunduki hizi huanzia kwenye gramu 28 au 32, na wengi hushauri kwanza upige risasi nzito kadhaa ili vyuma vipya vilainike.

Mlinzi wa usiku ana tatizo jingine analolitengeneza mwenyewe, nalo ni tochi. Tuseme amefunga kwenye bomba la magazini tochi na betri zake, na mfuko wa risasi za akiba kwenye kitako, jumla gramu 500. Bunduki ya kilo 3.1 imekuwa ya kilo 3.6. Risasi ya gramu 24 sasa inairudisha kwa mita 2.9 kwa sekunde tu. Nishati inayofika kwenye springi imeshuka kwa zaidi ya robo kutokana na uzito huo peke yake. Bunduki iliyofanya kazi mchana bila tochi itakwama usiku, na mwenye nayo atailaumu risasi.

Benelli wenyewe walilijua hili. Bunduki yao ya M4, ambayo Kikosi cha Wanamaji wa Marekani kiliichagua mwaka 1999 kwa jina la M1014, waliijenga kwa mfumo wa gesi ingawa kampuni ilikuwa imejijengea jina kwa inersia. Silaha ya kijeshi hufungiwa taa na darubini, na uzito wa vitu hivyo hauidhuru pistoni kwa namna unavyoidhuru springi ya inersia. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi mzito kuliko tangazo lolote.

Sasa usafi, na hapa meza inageuka. Bunduki ya gesi hujipulizia moshi wake yenyewe ndani ya mwili wake. Masizi hujikusanya kwenye pistoni, juu ya bomba la magazini na ndani ya vile vitundu vya mtutu. Yakichanganyika na salfa na mchanga wa uwanda, huwa magumu kama lami iliyokauka. Katika 1100 kuna pia pete ya mpira inayozuia gesi isivuje. Ikipasuka au ikikauka, bunduki huacha kujipakia hata ikiwa safi. Anayeitumia mashambani aifungue baada ya kila siku ya kupiga risasi nyingi, asugue pistoni kwa brashi na kiyeyushi, azibue vitundu, kisha aikaushe. Aliyezoea gobole asijaribu maji ya moto. Maji huyeyusha chumvi za baruti nyeusi, lakini masizi ya risasi za kisasa yanahitaji kiyeyushi cha mafuta, na maji yakibaki kwenye springi yataleta kutu.

Bunduki ya inersia hupeleka moshi wake wote mbele, kupitia mdomo wa mtutu. Ukiifungua baada ya risasi mia, sehemu ya bolti huwa na weusi kidogo tu. Kufuta kwa kitambaa na tone la mafuta mepesi kunatosha kwa muda mrefu. Ina kona mbili za kuangaliwa. Ya kwanza ni springi ya kurudisha bolti, ambayo katika nyingi ya bunduki hizi imefichwa kwenye bomba ndani ya kitako, mahali watu hawafungui. Unyevu na vumbi vikijaa humo, bolti hurudi kwa uvivu. Ya pili ni kichwa cha bolti kutozunguka hadi mwisho kinapofungwa polepole, au bunduki inapogongwa begani au kwenye pikipiki. Hapo ukivuta kifyatulio utasikia mlio mdogo wa chuma bila mshindo. Dawa ni kuachia bolti ijifunge yenyewe kwa nguvu ya springi, usiisindikize kwa mkono.

Bunduki ikianza kukwama, usikimbilie fundi kabla ya kutenganisha sababu. Dalili ya kwanza ya upungufu wa nguvu ni bolti kutobaki wazi baada ya risasi ya mwisho. Inayofuata ni ganda kubanwa mlangoni likiwa nusu nje. Ukiwa mahali salama, ondoa tochi, weka risasi ya gramu 36, na upige ukiwa umesimama wima. Ikifanya kazi vizuri, tatizo lilikuwa nguvu ndogo, yaani risasi nyepesi, uzito ulioongezwa au namna ulivyoshika. Ikikwama hata kwa risasi nzito, tatizo ni msuguano: uchafu, springi yenye kutu, au vitundu vilivyoziba ikiwa ni ya gesi.

Anayetaka silaha ya kujipakia aanze kwa polisi na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya kabla hajatoa fedha, kwa kuwa leseni ya kumiliki si ruhusa ya kuwinda, na sheria za wanyamapori zinabana aina za silaha na njia za kuwinda.

Kwa mashamba ya korosho ya Newala na Masasi, chaguo langu ni inersia, isiyofungiwa tochi, ikilishwa risasi za gramu 28 kwenda juu. Vumbi na salfa huku ni vya kila msimu, na kusafisha pistoni kila jioni ni kazi ambayo wengi wetu tutaiacha ifikapo Agosti. Lakini mwenye bega bovu anayetaka gramu 24, au mlinzi asiyeweza kuachana na taa kwenye mtutu, anunue ya gesi, na pamoja nayo anunue brashi, kiyeyushi na pete za akiba siku hiyohiyo.