Risala ya Kitalu

Siku hizi ukialikwa shuleni unaijua risala kabla haijasomwa. Itaanza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu, itapanga waheshimiwa kwa vyeo vyao mpaka pumzi imkate msomaji, itapita kwenye historia ya shule, mafanikio, kisha changamoto, na chini kabisa maombi: uzio, kompyuta, basi. Kinachobadilika ni mwaka tu. Mwanafunzi anayeisoma hakuiandika, na hata maneno mengine yanamkwama kwa kuwa ndiyo kwanza anakutana nayo. Mshereheshaji anaomba makofi ya kilo, tunapiga, tunaelekea kwenye pilau.

Sisi tuliosoma zamani kidogo tulifundishwa kwamba risala ni kazi ya ufundi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akimsimamisha msomaji nyuma ya goli, upande wa pili wa uwanja, bila kipaza sauti wala karatasi ngumu ya kujikinga uso. Sisi tulikaa jikoni kwa mpishi. Neno tusilolisikia tuliinua mkono, na msomaji alirudia sentensi nzima. Baada ya siku kadhaa za mchezo huo, sentensi ndefu zilianza kufa zenyewe. Msomaji aliyeishiwa pumzi katikati ya "sambamba na hayo" alirudi bwenini na kalamu akaikata. Vivumishi vilikwenda, salamu zilipungua, na kilichobaki kilikuwa kile kilichompeleka mtu uwanjani. Kwa kufuta huko mwalimu alitusifu kuliko kwa kuandika. Chini ya meza ya seremala hodari kuna maranda mengi, na daftari la msomaji wake lilikuwa hivyo hivyo.

Nilidhani ufundi huo umekwisha, mpaka mwezi Oktoba, katika sekondari moja upande wa Tanga, nilipomsikiliza mwenyekiti wa klabu ya mazingira akizindua kitalu cha miti. Binti wa kidato cha tatu, sketi ina vumbi la udongo, karatasi mbili za daftari mkononi. Nyuma yake hapakuwa na mche hata mmoja. Palikuwa na viriba 400 vilivyojazwa udongo, vimesimamishwa safu kwa safu chini ya kichanja cha makuti, basi. Mpiga picha alizunguka mara mbili akitafuta kitu cha kijani, akakosa.

"Mgeni rasmi, shikamoo. Itifaki imezingatiwa," alisema, na hapo hapo akaingia kazini. "Wazazi wetu, mmeitwa kuzindua kitalu na hamuoni mti. Si kwamba tumechelewa. Masika yanaanza Machi. Mche wa mkongo tunataka ukae kitaluni miezi minne hadi mitano. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Machi, unajikuta Oktoba. Tungewaita Aprili, mngepiga picha nzuri, lakini mvua ingekuwa imetupita."

Kwa maneno hayo machache alieleza jambo ambalo sherehe nyingi hazijalijua. Siku ya taifa ya kupanda miti ni tarehe 1 Aprili, na kila halmashauri imewekewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Basi Machi inapokaribia watu huanza kuulizana miche iko wapi. Inatafutwa kwa haraka, inarundikwa kwenye lori, mingine ni midogo kama mchicha, mingine imezeeka kwenye viriba. Tarehe ikifika inapandwa hiyo hiyo. Kibao cha jina la aliyeipanda hudumu kuliko mti.

Kisha akainua glasi mbili za maji. Kila moja ilikuwa na mbegu moja ya mkongo, iliyolowekwa tangu asubuhi ya jana. Wa pwani wanaijua mbegu hiyo: nyeusi, inang'aa, upande mmoja imevaa kofia nyekundu, na watoto wameitunga kuwa shanga tangu zamani. Ya glasi ya kwanza ilikuwa vile vile ilivyookotwa, ndogo na ngumu. Ya pili ilikuwa imevimba, ganda limelainika. Tofauti yao, alisema, ni kikata kucha. Ganda la mkongo haliruhusu maji kupita, hivyo hunyofolewa ile kofia nyekundu, kisha ganda likamegwa kidogo kwenye ncha ya upande wa pili, mbali na ilipokuwa kofia, kwa sababu kiini cha mche kimelala karibu na kofia na ukikikata umeua. Ukimega kidogo tu, maji yanaingia, na baada ya siku nzima ndani ya maji mbegu iko tayari kufukiwa. Ukiizika bila kumega inaweza kukaa ardhini wiki nyingi pasipo dalili, na mtu akasema mbegu ilikuwa mbovu.

Alimpa mgeni rasmi glasi zote mbili azishike. Mheshimiwa akazitazama kwa zamu, akamnong'oneza jirani yake jambo, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona meza kuu inasikiliza bila kuchezea simu.

Hakutumia muda kwenye udongo. Alisema tu kwamba wamechanganya sehemu tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza na moja ya mchanga, na kwamba mchanga upo ili maji yasituame, maana kiriba kikilowa muda wote shina la mche mchanga huoza pale linapotokea udongoni, mche ukalala chini usiku mmoja. Wakulima wa mboga wanauita ugonjwa huo kinyausi. Lakini kwenye mizizi alisimama, na alifanya vizuri kusimama. Mkongo hutangulia kupeleka mzizi mkuu chini kabla haujashughulika na majani. Ndiyo sababu hawakusia kwenye tuta ili wahamishe baadaye; mbegu inaingia moja kwa moja ndani ya kiriba kirefu. Baada ya wiki chache mzizi unafika chini. Hapo kuna njia mbili za kuharibu. Kiriba kikikaa pale pale, mzizi unatoboa na kuingia ardhini, na siku ya kukinyanyua unakatika wote kwa mkupuo. Au unagonga chini, unajikunja na kuzunguka. Mche wa namna hiyo juu unapendeza kabisa. Unapandwa, unaishi mwaka, pengine miaka, halafu ukame wa kwanza unauondoa kwa kuwa chini hauna mguu, una fundo. Dawa yake ni kunyanyua kila kiriba mara kwa mara na kupunguza kwa mkasi mizizi iliyotokeza, kisha kumwagilia siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo," alisema, "mkituletea miche ya msaada, msishangae tukiichungulia chini kabla ya kushukuru."

Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, nikakumbuka miche mingi niliyoishuhudia ikipandwa na plastiki yake kiunoni, mbele ya umati, huku wenye dhamana wakipiga makofi.

Sehemu iliyonishinda kusahau ni ya Desemba. Kila mwalimu anajua kinachoua vitalu vya shule, na hakuna risala inayokitaja: likizo. Shule inafungwa, kidato cha nne kimeshaondoka, vuli huja au isije, na Januari wanakuta viriba vyenye vijiti. Binti yule aliitaja mapema, tena kwa hesabu. Siku 42 za likizo. Viriba 400, kila kimoja kama nusu kikombe cha chai kwa siku, ni lita 60, yaani ndoo tatu kubwa za lita 20. Mvua isiponyesha kabisa, ndoo 126 kutoka kisimani. Wanaoishi karibu na shule ni wanafunzi 14. Kila mmoja siku tatu. Akayasoma majina yote 14, na kila aliyetajwa alisimama mbele ya mzazi wake. Baadhi ya wazazi wale ndio kwanza walikuwa wanasikia kwamba mtoto wao ana zamu. Mama mmoja aliuliza kwa sauti, "Na Krismasi je?" Mwenyekiti akajibu bila kutazama karatasi, "Krismasi ni yangu, mama. Siku ya pili na ya tatu pia."

Hapo mwalimu wangu wa zamani angeinuka kitini.

Hakumtaja Wangari Maathai, nami nilishukuru, maana jina hilo kwenye sherehe za miti limekuwa kama chumvi ya kila mchuzi. Lakini nikiwa pale nilimfikiria kwa sababu nyingine. Mwaka 1977 alipoanza na wanawake wa Kenya, wataalamu wa misitu walitilia shaka kama watu wasio na diploma wanaweza kuotesha miti. Wale mama walichukua walichonacho, hata vyungu vilivyovunjika, wakaotesha. Na malipo yao madogo yalitolewa kwa mche uliopandwa ukapona. Mche uliokufa haukuhesabiwa. Tumelibeba jina lake hadi kwenye fulana. Kanuni ile ya kuhesabu miche iliyopona tumeiacha. Ripoti zetu zinasema tumepanda mingapi. Sijaona inayorudi baada ya kiangazi kusema imebaki mingapi.

Na mkongo wenyewe unaondoka huku tukisoma risala. Ndio mbambakofi wa mafundi wa pwani, mbao ya milango iliyosimama kwa vizazi mbele ya chumvi ya bahari. Mbegu za klabu ile ziliokotwa chini ya mti mmoja mkubwa uliosalia makaburini, ukanusurika kwa sababu hakuna aliyethubutu kupeleka msumeno mahali pale. Wazee waliokuwa wakijua mikongo mingine ilipo, wengi sasa wako chini ya huo mmoja. Vijana wanaoagiza milango ya chuma hawana kosa. Hawakuwahi kuona mwingine ukikua.

Hotuba ilimalizika bila maombi. Mshereheshaji alibaki amefungua kinywa, hajui aite makofi ya nini, mpaka mwalimu mlezi alipomkumbusha kwamba mgeni rasmi ajaze kiriba badala ya kupanda mti. Akajaza, akashindilia, akaambiwa apunguze nguvu kwa sababu udongo ukigandamana mzizi haupiti. Alicheka, akaanza upya.

Baadaye nilimfuata mwenyekiti nikamwomba nakala, nikitaka kuisoma tena nyumbani. "Sina, babu," aliniambia. "Desturi ni kumkabidhi mgeni rasmi." Ni kweli, ndivyo tunavyofanya, risala ikisomwa hukunjwa na kutolewa kwa mikono miwili. Haikuwa imechapwa, haikuwa kwenye simu ya mtu. Karatasi zile mbili zilikwenda ndani ya gari pamoja na skafu na zawadi ya machungwa. Orodha ya zamu wanayo, imebandikwa mlangoni mwa stoo. Lakini ile sababu ya Oktoba, na ile ncha ya mbegu inayomegwa na isiyomegwa, mwakani atakayeshika klabu itabidi amuulize yeye mwenyewe, naye mwakani atakuwa na mtihani wa kidato cha nne.